Kusajili kwa Pesa Kidogo: Dirisha la Kwanza la AFC Wimbledon Ndani ya FC 24

Ukichagua Manager Career, yaani kucheza kama kocha wa klabu, kwenye gemu ya soka ya EA Sports FC 24 na kuichukua klabu ya League Two, yaani daraja la nne la England, bodi inakukabidhi mafungu mawili ya fedha: fungu la usajili na fungu la mishahara ya kila wiki. Wengi wetu hulitazama lile la kwanza, tukakimbilia kutafuta mshambuliaji, na lile la pili tukalikumbuka siku wakala anapotaja kiasi ambacho hatuna. Makala hii inahusu zaidi hilo la pili, kwa sababu kwa uzoefu wangu kikosi cha klabu maskini hakikosi uwiano kwa kukosa nyota. Hukosa uwiano kwa sababu mishahara imejazana sehemu moja ya uwanja, huku sehemu nyingine ikiachiwa mchezaji mmoja asiye na wa kumpokea.

Klabu ninayoitumia kama mfano ni AFC Wimbledon. Iliundwa na mashabiki mwaka 2002, baada ya Wimbledon ya zamani kuruhusiwa kuhamia Milton Keynes, na umiliki wake umebaki kwa sehemu kubwa mikononi mwa mashabiki wenyewe kupitia Dons Trust. Msimu wa 2023/24, ambao ndio gemu hii inaanzia, timu iliyotokana na uhamisho ule, MK Dons, nayo ilikuwa League Two, kwa hiyo ndani ya ratiba yako unazikuta mechi mbili ambazo hazihitaji hotuba ya kocha. Ligi yenyewe ina timu 24 na kila timu hucheza mechi 46. Tatu za juu hupanda moja kwa moja, na zinazoshika nafasi ya nne hadi ya saba hucheza mtoano kuwania nafasi moja iliyobaki. Ndani ya gemu hakuna daraja la England chini ya hilo, kwa hiyo hushuki. Unaweza kufukuzwa kazi, lakini hushuki, na hiyo inakupa muda wa kujenga badala ya kuzima moto.

Hesabu hiyo ya mechi 46 ndiyo inayoamua kila kitu. Ongeza Kombe la FA na Kombe la Ligi, na utaona kwamba kuna majuma mengi ambayo timu inacheza Jumamosi, Jumanne na Jumamosi tena. Mchezaji anayecheza dakika zote 90 za mechi mbili mfululizo huingia kwenye ya tatu akiwa na upau wa nguvu uliopungua, na katika gemu hii mchovu hakimbii kama takwimu zake zinavyosema. Kwa hiyo swali la dirisha la kwanza ni nani atacheza Jumanne usiku ugenini wakati beki wa kushoto ana kadi nyekundu, na kama tofauti kati yake na mwenye namba ni ndogo kiasi cha kuvumilika. Kumi na moja wa kwanza unao tayari.

Kabla ya kuingia sokoni mimi huchukua karatasi. Kuna watakaoona ni ushamba kuandika kwa kalamu mambo yaliyoko kwenye skrini, lakini skrini ya kikosi huonyesha wachezaji katika orodha ndefu, na orodha ndefu huficha mashimo. Kwenye karatasi naandika nafasi 11 za mfumo nitakaoutumia, tuseme 4-2-3-1, kisha mbele ya kila nafasi naandika majina mawili: anayeanza na anayempokea, pamoja na kiwango cha kila mmoja katika nafasi hiyo, umri, mshahara wa wiki na mwaka ambao mkataba unaisha. Jina moja linaruhusiwa kutokea kama mpokezi katika nafasi mbili, lakini si tatu, kwa maana akiumia huyo mmoja nafasi tatu zinabaki wazi kwa mpigo.

Karatasi ikishajaa, naangalia pengo kati ya jina la kwanza na la pili katika kila mstari. Kwa daraja hili, pengo la alama tatu au nne halinishtui. Likifika saba au nane, hapo pana shimo, hata kama anayeanza ni mchezaji bora wa timu nzima. Kuna mistari mingine ambako mambo ni kinyume: washambuliaji watatu wenye viwango vinavyokaribiana, wote wakilipwa vizuri, na mfumo una nafasi moja tu ya mshambuliaji wa kati. Huyo wa tatu ni fedha zilizolala.

Sasa mshahara. Gemu huonyesha mshahara kwa wiki, na tarakimu ya wiki ni ndogo, ndiyo maana inadanganya. Mchezaji wa pauni 1,000 kwa wiki ni pauni 52,000 kwa mwaka. Katika klabu ambayo bajeti yake yote ya usajili ni kama milioni moja, tofauti ya pauni 2,000 kwa wiki kati ya wachezaji wawili ni zaidi ya laki moja kila mwaka wa mkataba, na hiyo pekee ingeweza kumnunua beki. Gemu yenyewe inakubali kwamba fedha hizi ni za mfuko mmoja, kwa kuwa inakuruhusu kuhamisha sehemu ya fungu la usajili kwenda kwenye mishahara au kinyume chake. Kwa hiyo kila mchezaji ninayemfikiria namwekea bei yangu mwenyewe: ada ya uhamisho, jumlisha mshahara wa wiki mara 52 mara miaka ninayotarajia kukaa naye, kisha toa kiasi ninachoamini nitamuuzia.

Nitaonyesha kwa mifano miwili, na tarakimu hizi ni za kufanyia hesabu tu, kwa kuwa soko hubadilika kutoka sevu moja hadi nyingine. Wa kwanza ni winga wa kushoto mwenye miaka 20, kiwango 64, ambaye klabu yake inataka pauni 650,000 na yeye anataka 1,800 kwa wiki. Wa pili ni beki wa kati mwenye miaka 32, kiwango 65, aliyebakiza mwaka mmoja kwenye mkataba wake, anapatikana kwa pauni 120,000 lakini anataka 3,200 kwa wiki. Ukiwatazama haraka, beki ni wa bei ya bure na winga ni anasa. Wape wote miaka miwili. Winga atakuwa amekugharimu 650,000 pamoja na mishahara ya 187,200. Kwa umri wake, hata asipopiga hatua kubwa, ni rahisi kumuuza kwa kiasi kilekile ulichomnunulia, kwa hiyo gharama halisi inabaki ile mishahara tu, 187,200. Beki atakuwa amekula 120,000 na mishahara ya 332,800, jumla 452,800, na akifikisha miaka 34 hakuna klabu itakayokupa chochote cha maana kwa ajili yake. Aliyeonekana rahisi amekuwa ghali zaidi ya mara mbili.

Hii haina maana kwamba wazee wasisajiliwe. Mimi huwasajili kila msimu wa kwanza, ila kwa mkataba wa mwaka mmoja tu. Beki yuleyule kwa mwaka mmoja ni pauni 286,400, na kwa kiasi hicho unapata kiwango ambacho kijana mwenye ubora huohuo angekugharimu ada kubwa mno, kwa maana gemu hupandisha bei ya kijana kwa sababu ya alichonacho na kwa sababu ya atakachokuwa nacho baadaye. Wakala wa mzee ataomba miaka miwili. Ukishikilia mmoja na kumwongezea kidogo kwenye bonasi ya kusaini, mara nyingi hukubali, na bonasi hiyo inatoka mara moja tu wakati mshahara ungetoka kila wiki.

Kabla ya kusaini lakini, fungua ukurasa wa mchezaji na usome chini ya ile tarakimu kubwa. Tarakimu kubwa, ile inayoandikwa OVR, hupatikana kwa kupima sifa za mchezaji kwa uzito unaotegemea nafasi yake. Kwa beki wa kati, uzito mkubwa uko kwenye usomaji wa mchezo, ukabaji, vichwa na nguvu za mwili, na kasi ina uzito mdogo sana. Matokeo yake ni kwamba beki wa miaka 32 mwenye kiwango 65 anaweza kuwa na Sprint Speed ya 40 na bado tarakimu ikabaki 65, ilhali uwanjani, ukipandisha mstari wa ulinzi, kila mpira mrefu utakaopigwa nyuma yake ni goli linalonukia. Kipofu wa takwimu ataona amepata beki wa 65 kwa laki moja na ushee. Anayesoma ukurasa ataona amepata beki wa 65 anayefaa kwa timu inayokaa chini, akiwa na mwenzake mwenye mbio pembeni.

Hapo ndipo neno uwiano linapopata maana yake ya pili, na kwangu hii ni nzito kuliko ile ya idadi. Mabeki wawili wa kati hawapimwi mmoja mmoja. Wanapimwa kama jozi. Kama mmoja ni mrefu, mzito na mpiga vichwa, mwingine awe na Acceleration na Sprint Speed za kutosha kufuta makosa, hata kama tarakimu yake kubwa ni 62. Jozi ya 65 na 62 inayokamilishana hunifungisha magoli machache kuliko jozi ya 66 na 66 wote wakiwa wazito. Viungo wawili wa chini wa 4-2-3-1 nao ni vivyo hivyo: mmoja akae na kukata njia za pasi, mwingine awe na Stamina ya kupanda na kushuka hadi dakika ya 90. Ukiweka wapandaji wawili, beki wako wa kati atabaki ana kwa ana na namba kumi wa wapinzani. Ukiweka wakaaji wawili, mshambuliaji wako atasubiri mpira kipindi kizima.

Upande wa kushoto unastahili aya yake. Wachezaji wa mguu wa kushoto ni wachache, na katika vikosi vya chini utakuta mara nyingi beki mmoja wa kushoto halisi, na mpokezi wake ni beki wa kulia aliyelazimishwa. Beki wa mguu wa kulia akicheza kushoto hulazimika kuukata mpira ndani kabla ya kukrosi, na sekunde hiyo moja inatosha ulinzi kupangika. Angalia nyota za mguu dhaifu: mwenye nyota nne anaweza kucheza upande wowote bila shida kubwa, mwenye nyota mbili asichezeshwe huko ila kwa dharura. Pia kuna Development Plan, ambayo hukuruhusu kumfundisha mchezaji nafasi mpya na kukuonyesha idadi ya wiki zinazohitajika. Kumgeuza winga wa kushoto kijana kuwa beki wa kushoto ni njia niipendayo ya kuziba shimo bila kununua, mradi mafunzo yaanze Julai na si siku ya kadi nyekundu.

Sasa tuingie dirishani. Tuseme bodi imetoa pauni 1,200,000 za usajili, na nafasi iliyobaki kwenye mishahara ni 6,000 kwa wiki. Karatasi inaonyesha hivi: kipa na viungo wa chini wako salama, mabeki wa kati ni 66 na 65, lakini wa tatu ni 57, beki wa kushoto ni 65 na hana mpokezi kabisa, winga wa kulia ni 67, wa kushoto ni 60, na washambuliaji ni watatu, 66, 64 na 63. Sokoni kuna mshambuliaji wa 71 anayepatikana kwa pauni 1,100,000, naye anataka 7,000 kwa wiki.

Mshambuliaji huyo ndiye mtego wenyewe. Ili kumpata itabidi uhamishe pauni 52,000 kutoka kwenye usajili kufidia ile 1,000 ya wiki inayozidi, na ukimaliza utabakiwa na pauni 48,000 na nafasi ya mshahara sifuri. Umeongeza alama tano katika nafasi moja ambayo tayari ilikuwa na watu watatu, na mashimo yote yamebaki yalivyokuwa. Atafunga Agosti na Septemba, hilo sina ubishi nalo. Novemba, beki wa kushoto akiumia kwa wiki sita, magoli yake yatakuwa ya kufutia machozi.

Njia nyingine inaanza kwa kuuza. Mshambuliaji wa 63, tuseme ana miaka 27 na analipwa 2,500 kwa wiki, anauzwa kwa 350,000. Ni umri mzuri wa kuuza: bado hajaanza kushuka, na hatapanda tena. Msimu ukifika Januari akiwa benchi, morali yake itakuwa imeshuka na mnunuzi atakuwa wa kutafuta kwa tochi. Kwa kumuuza Julai, fungu la usajili linakuwa 1,550,000, tukichukulia bodi imekuachia fedha zote za mauzo, na nafasi ya mishahara inakuwa 8,500.

Kisha anakuja yule winga wa kushoto wa miaka 20 kwa 650,000 na 1,800 kwa wiki. Pengo kati ya winga wa kulia na wa kushoto linapungua kutoka saba hadi tatu, na yule wa 60 anakuwa mpokezi wake, kazi ambayo anaiweza. Anafuata beki wa miaka 32 kwa mwaka mmoja, 120,000 na 3,200, lakini kabla ya hapo nimehakikisha kwamba mmoja kati ya mabeki wangu wawili wa mwanzo ana mbio, maana wazito wawili sitawapanga pamoja. Mwisho ni beki wa kushoto wa mkopo, mwenye miaka 19 na kiwango 62, kutoka klabu ya daraja la juu, anayeongeza pauni 1,000 kwa wiki kwenye hesabu yangu. Jumla nimetumia pauni 770,000 za ada na 6,000 za mishahara kwa wiki. Mashimo matatu yamefungwa, na nimebakiwa na 780,000 na 2,500 kwa wiki kuelekea Januari.

Kuhusu mkopo nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaukubali. Mkopo ni mzuri kwa mpokezi na ni mbaya kwa anayeanza. Ukimkopa mshambuliaji kijana wa klabu kubwa akawa ndiye nguzo yako, unamlea mtoto wa watu: anacheza, anapanda kiwango, thamani yake inaongezeka, kisha Juni anarudi kwao na shimo linarudi likiwa kubwa zaidi, kwa sababu sasa timu nzima imezoea kumtafuta yeye. Mpokezi wa beki wa kushoto akiondoka, unatafuta mpokezi mwingine. Gemu inaruhusu pia mkopo wenye kipengele cha kununua kwa bei iliyokubaliwa mwanzoni, na hicho ni cha thamani kwa klabu maskini, kwa kuwa unaahirisha ada hadi mwaka ujao na unakuwa umeshamwona mchezaji kwenye mfumo wako. Sharti ni kwamba bei hiyo uihesabu leo kama deni.

Kwenye meza ya mazungumzo kuna mambo mawili ambayo hayagharimu fedha na watu huyapuuza. La kwanza ni Sell-On Clause, yaani asilimia ya mauzo ya baadaye unayoiahidi klabu inayouza. Kwa winga wa miaka 20 siitoi kamwe, kwa sababu faida yangu yote iko kwenye kumuuza. Kwa mchezaji wa miaka 31 ambaye najua sitamuuza, naitoa bila wasiwasi, na klabu hukubali ada ya chini kidogo kwa ajili ya asilimia ya kitu ambacho hakitatokea. Si uungwana sana, lakini kanuni za gemu zinaruhusu. Angalizo ni moja: ofa ya kwanza isiwe ya matusi. Anayeuza ana uvumilivu wenye kikomo, na ukimkera anasimama na kuondoka, na mchezaji unakuwa umemkosa kwa sababu ya elfu ishirini.

La pili ni cheo ndani ya kikosi, kinachoitwa Squad Role, ambacho ni ahadi inayoandikwa kwenye mkataba. Kuanzia juu kwenda chini kuna Crucial, Important, Rotation, Sporadic na Prospect. Kadiri cheo kinavyopanda ndivyo wakala anavyodai mshahara mkubwa, na ndivyo mchezaji anavyotarajia dakika nyingi. Kikosi chenye Crucial kumi na wanne hakiwezekani, kwa sababu uwanjani wanaingia kumi na mmoja. Winga wangu wa miaka 20 ataanza mechi nyingi, lakini namsajili kama Rotation, kwa maana kwa umri wake anakubali, mshahara unakuwa mdogo, na akicheza kuliko alivyoahidiwa morali yake inakaa juu. Beki mzee naye ni Rotation. Cheo cha Crucial nakiweka kwa watatu au wanne ambao nina hakika watacheza kila wakiwa wazima.

Kilichobaki cha kufanya Julai ni akademi. Kuajiri skauti kunatoka kwenye fungu lilelile la usajili, na kila mmoja ana nyota za uzoefu na nyota za uamuzi. Kama fedha zinatosha skauti mmoja tu, mimi huangalia kwanza nyota za uamuzi, kwa sababu vijana watatu wa kweli wananifaa kuliko kumi wa kubahatisha. Katika madaraja ya juu akademi ni mradi wa miaka mingi, lakini League Two ina upekee wake: kijana wa miaka 16 au 17 mwenye kiwango cha 57 au 58 anaweza kukaa benchi hapa na kucheza dakika 20 za mwisho bila timu kuporomoka, na mshahara wake ni mdogo kuliko wa mtu yeyote kikosini. Nafasi ya kiungo wa tano au ya beki wa kulia wa pili ninayoijaza kwa kijana wa namna hiyo ni nafasi ambayo sikuinunua.

Msimu ukianza, kikosi kisicho na uwiano hakijitangazi kwa vipigo vikubwa. Dalili ya kwanza ni wakati magoli yanapoingia. Ukiona unafungwa mara kwa mara baada ya dakika ya 70, hasa katika mechi za katikati ya wiki, fungua skrini ya kikosi siku moja kabla ya mechi inayofuata na uangalie upau wa nguvu wa viungo na mabeki wa pembeni. Mara nyingi utakuta wawili au watatu ambao hukuwahi kuwapumzisha kwa sababu unamwogopa mpokezi. Dalili ya pili ni kinyume chake: wapokezi wana nguvu tele lakini Sharpness yao, yaani utayari wao wa mechi, imeshuka, kwa kuwa hawajacheza kwa wiki nyingi, na siku unapowahitaji wanacheza chini ya tarakimu yao. Dawa ni kuwapa mechi za vikombe mapema, na mazoezi yao yaelekezwe kwenye Sharpness wakati wenzao waliochoka wanaelekezwa kwenye nguvu. Dalili ya tatu huja kwa ujumbe: mchezaji anayelalamikia dakika. Akilalamika mmoja wa Sporadic, ni kawaida. Wakilalamika wawili wenye Important katika nafasi moja, ujue mstari huo una mtu wa kuuzwa.

Kwa wasomaji wanaocheza kwenye mabanda ya PS ambako malipo ni kwa mechi au kwa saa, nakiri kwamba haya yote ni starehe ya nyumbani. Hakuna mwenye banda atakayekusubiri uchambue mikataba huku foleni inataka kucheza Real Madrid na Manchester City.

Januari ikifika, zile pauni 780,000 zitakuwashia mkono. Kabla ya kuzigusa, rudia karatasi ile ya Julai kwa takwimu mpya, kwa maana vijana waliocheza watakuwa wamepanda alama moja au mbili na wazee watakuwa wameanza kupoteza kasi. Kisha angalia safu ya miaka ya mikataba. Wachezaji wa klabu nyingine ambao mikataba yao inaisha mwisho wa msimu wanaweza kuzungumza nawe kuanzia Januari na kukubali kuja Julai bila ada yoyote, na soko hili ndilo ninaloanza nalo kila mara, kwa sababu klabu zinazoendeshwa na gemu huwasahau wachezaji wazuri wa miaka 24 hadi 28 kuliko unavyotarajia. Usikawie, kwani wengine huongezewa mikataba na klabu zao mara tu baada ya wewe kuwaona. Mshahara wa mchezaji wa namna hii huwa juu kidogo, kwa kuwa wakala anajua hulipi ada, lakini ukirudi kwenye hesabu ya gharama halisi, mchezaji wa kiwango 67 mwenye miaka 25 anayekuja bure kwa 4,000 kwa wiki anakugharimu 208,000 kwa mwaka, na ukimuuza baada ya msimu mmoja, ada yote inayopatikana inafidia mishahara hiyo kabla ya kukuachia faida.

Angalia pia upande wako wa safu hiyohiyo, kwani mlango huo unafunguka pande zote mbili: beki wako wa kushoto wa 65, yule uliyehangaika kumtafutia mpokezi, kama mkataba wake unaisha Juni na hujamwongezea, anaweza kusaini kwingine Februari ukiwa nafasi ya tatu. Mimi huongeza mikataba ya namna hiyo mwezi Novemba, kabla ya kupanda daraja hakujaanza kunukia, kwa sababu wakala anayejua unakwenda League One haombi mshahara wa League Two.